Wakia ya Siagi

Duka lile la kununua dhahabu lilikuwa na vitu vitatu vya kuaminika: mizani, sefu na Bi Chaki. Mizani ilikaguliwa na watu wa vipimo mara moja kwa mwaka. Sefu ilikaguliwa na fundi kila ilipokwama. Bi Chaki hakukaguliwa na mtu kwa miaka kumi na tisa, na huo ndio ulikuwa mshahara wake mkubwa, maana ule mwingine ulikuwa mdogo.

Jina la Chaki alipewa na wachimbaji. Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, alisimama mbele ya ubao mweusi uliotundikwa kando ya kaunta na kuandika namba moja kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza: bei ya leo ya gramu moja ya dhahabu safi. Mchimbaji aliyeingia na kipande chake kwenye kikaratasi aliisoma namba ile kabla ya kusalimia. Akiipenda, alikaa kwenye benchi. Asipoipenda, aliguna, akatoka kwenda kutazama mbao za maduka mengine ya mtaa ule, kisha akarudi na kukaa kwenye benchi lile lile, maana bei zilikuwa zinafanana kama watoto wa tumbo moja.

Zilifanana kwa sababu hesabu ni moja. Dunia, kwa sababu inazozijua yenyewe, huuza dhahabu kwa wakia na kwa dola. Watu wa mtaa ule walichimba gramu na kununua unga kwa shilingi. Kati ya dunia na unga alisimama Bi Chaki na kipande cha chaki. Chukua asubuhi moja, ile ambayo mambo yalianza kuharibika. Wakia moja ilikuwa dola elfu mbili na mia nne. Wakia ya dhahabu ina gramu thelathini na moja na kidogo, kwa hiyo aligawanya kwa 31.1035, akapata dola sabini na saba na senti kumi na sita kwa gramu. Dola moja benki walikuwa wakiinunua kwa shilingi elfu mbili. Akazidisha, akapata 154,320. Hiyo ndiyo bei ya dunia, na duka likinunua kwa bei ya dunia litafungwa kabla ya Ijumaa. Basi alitoa sita katika kila mia: mbili za mnunuzi wa mjini, mbili za ushuru na usafiri, mbili za duka lenyewe, ambazo ndizo zilizolipa kodi ya chumba, umeme, mlinzi na yeye. Ikabaki 145,060. Kipande kisichokuwa safi kilipimwa usafi wake na bei ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Kwisha. Hakuna uchawi.

Ile 31.1035 alifundishwa siku ya kwanza na mwenye duka, aliyeitwa Mzee Mizani hata na wajukuu zake. Alimkaririsha kama mtoto wa shule.

"Kuna wakia mbili duniani," Mzee alimwambia. "Moja ya siagi, barua na vitu vya sokoni. Ile ina gramu ishirini na nane na kidogo. Nyingine ya dhahabu. Ile ni nzito, thelathini na moja na kidogo. Siku ukizichanganya, mwanangu, tutakuwa tunauza siagi."

Bi Chaki hakuuliza kwa nini dunia imeamua kuwa na wakia mbili. Alikuwa ameolewa, alishazoea mambo yasiyo na maelezo.

Kila jioni kabla ya kufunga alifagia kaunta kwa brashi ya rangi, akakung'uta khanga yake juu ya karatasi nyeupe, akasafisha kucha kwa njiti, na kila kilichong'aa akakirudisha kwenye sefu na kukiandika. Mwaka wa sita alifika nyumbani akakuta chembe kwenye pindo la gauni. Alirudi nayo kwa miguu, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, mlinzi akamfungulia huku akimcheka. Ilikuwa gramu sifuri nukta mbili. Mumewe, fundi cherehani, alimwambia afadhali angeila. Lakini katika kazi ile jina ndilo leseni. Karani aliyewahi kutajwa kwenye wizi, hata kwa kusingiziwa, hagusi tena mizani ya mtu. Anaweza kwenda kupima nyanya.

Kisha Mzee Mizani akakatwa mguu kwa sababu ya sukari, na mkwe wake akaja kusaidia.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja na kompyuta, skrini kubwa na shahada ya biashara, na wenyeji wakaanza kuugua siku hiyo hiyo. Alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko mkewe, nalo ni mfumo. Siku ya kwanza alilitaja mara ishirini na tatu. Bi Chaki alihesabu, maana kuhesabu ilikuwa kazi yake, na kufika saa kumi wachimbaji walikuwa wameshambatiza: Bwana Mfumo.

"Mama," alimwambia Bi Chaki siku ya pili, kwa sauti ya daktari anayemwandaa mgonjwa, "hizi chaki ni za karne iliyopita. Mfumo unachukua bei ya dunia wenyewe, unachukua dola wenyewe, unatoa asilimia sita wenyewe, unaonyesha kwenye skrini. Binadamu anakosea. Mfumo haukosei."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utapima. Utatunza sefu. Mpaka mwisho wa mwezi hivi, halafu tutaona."

Bi Chaki alijua vizuri maana ya tutaona. Akakaa nyuma ya mizani. Skrini ikawaka. Ikaandika kwa rangi ya kijani: 159,160.

Alidhani macho yamemchezea. Akavaa miwani. Namba haikubadilika. Akachukua kalamu, akafanya hesabu nyuma ya bahasha, akapata 145,060 yake ile ile. Akarudia. Halafu akamwendea Bwana Mfumo taratibu, mbele ya wateja wawili, akamnong'oneza kwa heshima zote.

"Mkwe wetu, bei yetu imezidi. Imezidi hata ile ya dunia yenyewe. Hatuwezi kununua kwa bei kubwa kuliko tutakayouzia."

"Bei ya dunia ni ngapi?"

"Laki na hamsini na nne na ushee."

Bwana Mfumo alitabasamu kwa huruma. Akabonyeza hapa na pale. "Ya dunia ni laki moja sitini na tisa, mia tatu na ishirini. Toa sita katika mia. Unaona? Mlikuwa mnawapunja hawa watu miaka yote, mama. Ndiyo maana benchi lilikuwa nusu tupu."

"Umegawanya kwa ngapi?"

"Mfumo umegawanya."

"Umegawanya kwa ngapi, baba?"

Alimwonyesha simu. Alikuwa ameuliza wakia moja ni gramu ngapi, na simu, ambayo haikuambiwa ni wakia ya nini, ilijibu kama ungejibu wewe ukiulizwa na mpishi: 28.35. 

"Hiyo ni ya siagi," Bi Chaki alisema.

"Wakia ni wakia, mama. Hakuna wakia ya siagi na wakia ya nini. Kilo ya pamba na kilo ya chuma si sawasawa?"

Wateja wawili wakacheka. Yeye akacheka nao. Bi Chaki hakucheka. Akarudi nyuma ya mizani. Alimkumbusha tena mchana, akaambiwa asiwe na wivu na teknolojia. Alimkumbusha mara ya tatu kesho yake, akaambiwa kwamba kazi yake ni kupima, na kama kupima kumemchosha aseme. Alitaka kwenda kwa Mzee, lakini Mzee alikuwa bado hospitali na binti yake, mke wa Bwana Mfumo, ndiye aliyekaa mlangoni mwa wodi akiamua nani aingie. Kwa Bi Chaki iliamuliwa kwamba Mzee anapumzika.

Kizuri chajiuza. Kufikia siku ya tatu foleni ilitoka mlangoni, ikapita duka la vipuri, ikapinda kona. Wachimbaji ambao kwa miaka mingi hawakulitazama duka lile walikuja wakiwa wameoga. Walimsifu Bwana Mfumo kwa mashati yake. Walimsifu kwa usomi wake. Mmoja alimwambia kwamba hajawahi kuona mnunuzi mwenye huruma kama yeye, na alisema ukweli mtupu. Bwana Mfumo alivimba mpaka kola ikambana. Alisema huu ndio ushindani, akasema maduka mengine yatajifunza. Maduka mengine yalikuwa yamesimama milangoni, yamefunga mikono, yanatazama kama watu wanavyotazama nyumba ya jirani inayoungua, wakiwa na uhakika upepo hauji kwao.

Katika foleni ile alikuwapo Mama Karai kila siku. Huyu alikuwa mwanamke wa kuosha mchanga, mwenye mikono iliyochujuka kwa maji, na kwa Bi Chaki alikuwa zaidi ya mteja. Walizaa mwaka mmoja. Walizika mama zao mwaka mmoja. Siku Mama Karai asipouza kitu, alipita tu dukani akanywa maji, akalalamika kuhusu magoti, akaenda zake. Sasa alikuja na vipande alivyokuwa amevificha tangu mwaka jana akingoja bei ipande. Akaviweka kwenye mizani kimoja kimoja bila kumtazama sana shoga yake machoni. Bi Chaki alidhani ni aibu ya mtu aliyekuwa ameficha akiba.

Siku ya nne walisimamisha kununua mpaka kesho yake. Vipande vyote vikayeyushwa kuwa mche mmoja, na Bwana Mfumo, ambaye alipenda namba zisizo na mkia, aliagiza uwe kilo mbili kamili. Bi Chaki akaupima: gramu elfu mbili, nukta sifuri. Akaandika kwenye daftari, akafunga kifuko kwa lakiri, akamkabidhi msafirishaji, akachukua sahihi. Bwana Mfumo akaingiza uzito ule kwenye kompyuta. Mfumo, bila kuombwa, ukambadilishia kuwa wakia: 70.55.

Kesho yake, saa nne asubuhi, benchi likiwa limejaa, simu ya Bwana Mfumo ililia. Ulikuwa ujumbe wa mnunuzi wa mjini, mfupi kama kawaida ya watu wenye pesa: Mzigo umepokelewa. Wakia 64.30. Malipo baada ya kupima usafi.

Bwana Mfumo akautazama ujumbe. Akaitazama kompyuta. Akautazama tena ujumbe. Sitini na nne na thelathini. Sabini na hamsini na tano. Wakia sita na robo zilikuwa zimeyeyuka njiani, na lakiri ilifika nzima. Basi hazikupotea njiani. Zilipotea kabla ya lakiri. Na nani alipima? Nani alifunga? Nani alikuwa na ufunguo wa sefu? Kwa mara ya kwanza tangu afike pale, kijana alifikiri kwa kichwa chake bila mfumo, na matokeo ndiyo hayo.

"Mama," akasema, na safari hii sauti haikuwa ya daktari. "Leta mkoba wako."

"Wa nini?"

"Wakia sita na robo hazipo. Leta mkoba."

Bi Chaki alitaka kusema, lakini kabla hajafungua mdomo Bwana Mfumo alikuwa ameufikia mkoba chini ya kiti, ameugeuza juu chini, ameumwaga kaunta. Zikatoka: miwani ya pili yenye mguu mmoja, kitana, bonge la uzi wa bluu alioagizwa na mumewe, dawa za presha, risiti za maji, kipande cha muwa kwenye mfuko wa nailoni, na vipande vitatu vya chaki. Kimoja kikaviringika, kikaanguka sakafuni, kikavunjika. Bwana Mfumo alikagua hata mfuko wa muwa. Akamwambia akung'ute khanga. Bi Chaki akaikung'uta. Kwa miaka kumi na tisa aliikung'uta mwenyewe kila jioni kwa hiari yake, na hakujua kwamba kitendo kile kile kinaweza kumchoma mtu kifua kiasi kile.

Aliinua macho akalitazama benchi. Hakujua alitafuta nini. Neno moja labda. Huyu mama hawezi kuiba. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa pale, na mtu hujihesabia hata akiwa anakufa kama kuhesabu ndiyo kazi yake. Wa nane alikuwa Mama Karai. Mama Karai alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Nenda nyumbani," Bwana Mfumo alisema. "Ufunguo acha. Polisi nitawaita nikishaongea na Mzee."

Mumewe alimkuta ukumbini amekaa na mkoba mapajani, hajavua viatu. Alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameketi kwenye cherehani yake, mguu ukiwa umesimama juu ya pedeli.

"Uliiba?" akauliza.

"Mwanaume wewe!"

"Nauliza tu. Maana kama uliiba, mimi hizo wakia sijaziona." Halafu akaona machozi, akaacha mzaha. Akararua kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akampa na kalamu yake ya kuchorea vitambaa. "Wewe ni mtu wa hesabu. Acha kulia, hesabu."

Akahesabu. Hakuhitaji hata nusu dakika, na alipomaliza alijichukia kwa kulia kwanza. Alipima gramu elfu mbili. Mnunuzi amepokea wakia 64.30. Elfu mbili gawanya kwa 64.30: thelathini na moja nukta moja. Dhahabu yote ilikuwa imefika, kamili, haijapungua hata ya kuziba jino. Kilichopungua kilikuwa kwingine.

Kesho yake Mzee Mizani aliruhusiwa kutoka hospitali, na safari hii Bi Chaki hakuomba ruhusa kwa aliyekaa mlangoni. Alipita. Mzee alikuwa kitandani nyumbani kwake, suruali imekunjwa na kufungwa pini pale ambapo mguu uliishia. Bwana Mfumo alikuwa ameshafika, ameshasimulia, na mkononi alikuwa na karatasi ya mapokezi iliyoletwa na msafirishaji asubuhi hiyo, bado imekunjwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Nasikia umetajirika."

"Naomba mkwe wetu asome hiyo karatasi. Yote, si mstari wa wakia peke yake."

Bwana Mfumo akaifungua. "Wakia sitini na nne nukta thelathini. Si ndiyo hiyo?"

"Mstari wa juu yake," alisema Mzee, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa amepokea karatasi kama zile.

"Gramu..." Bwana Mfumo akasita. "Gramu elfu mbili, nukta sifuri."

"Tulipeleka ngapi?"

"Elfu mbili."

Nje kuku alikuwa akishangilia yai lake.

"Sasa hebu tumia hiyo simu yako," Mzee akasema kwa upole wa kutisha. "Elfu mbili gawanya kwa sitini na nne nukta thelathini."

"Thelathini na moja nukta moja."

"Na elfu mbili kwa ile sabini na hamsini na tano ya mfumo?"

Kidole kilitembea polepole. "Ishirini na nane nukta thelathini na tano."

"Ya siagi," Mzee alisema. Akafumba macho. Bi Chaki alijua kwamba yuko huko ndani anahesabu: kilo mbili, kwa bei iliyozidi ya dunia, kwa siku nne. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. "Mguu nilikatwa na daktari, nikapewa na ganzi. Wewe hata ganzi hukunipa."

"Baba, ni kigezo kimoja tu," Bwana Mfumo akasema. "Mfumo wenyewe uko sawa. Nitausasisha."

Nampongeza. Kuna watu wangeomba radhi pale. Yeye alisasisha. Akafuta 28.35, akaandika 31.1035, akaandika tarehe, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika: maboresho.

Mzee alimwomba Bi Chaki arudi na ufunguo wake. Bi Chaki alisema atarudi, ila ana sharti.

"Alinimwagia mkoba mbele ya watu," alisema. "Watu kumi na mmoja. Anitakase mbele ya hao hao. Aseme kosa ni lake na mimi sikuiba. Hilo neno sikuiba alitaje, asilizunguke."

"Atasema," akajibu Mzee.

"Nitasema," akajibu Bwana Mfumo, akitazama pini ya suruali ya mkwewe.

Kusema ni rahisi, tatizo lilikuwa wa kumwambia. Asubuhi iliyofuata bei ya kweli ilirudi ubaoni, maana skrini Mzee aliamuru iondolewe ukutani, na benchi likabaki tupu kama kanisa siku ya Jumanne. Wapenzi wote wa mashati ya Bwana Mfumo walikuwa wamepata mapenzi kwingine. Wengine hawakuwa na dhahabu tena, walikuwa wamemaliza kuuza hata ya pete. Bwana Mfumo akakohoa, akataka kuomba radhi kwa mlinzi ili yaishe.

"Mlinzi hakuwepo ndani," Bi Chaki alisema. "Nitangoja."

Basi wakangoja. Wa kwanza alikuja siku ya pili, kijana wa mashimo ya juu, na Bwana Mfumo akasimama akafunga vifungo. Alisema kwa kirefu kuhusu changamoto za mpito, Bi Chaki akakohoa, ndipo yeye akasema huyu mama hakuiba. Kijana akasema sawa, je, ile bei itarudi lini? Bi Chaki akachora mstari mmoja wa chaki pembeni mwa ubao. Wawili walikuja pamoja siku ya tatu. Wa nne alikuwa mzee mwenye sikio moja zima, ikabidi radhi iombwe kwa kupiga kelele, na hata duka la vipuri lilisikia. Kadiri siku zilivyokwenda hotuba ilifupika. Kufikia mstari wa saba changamoto zilikuwa zimeachwa, mpito umeachwa, imebaki: Kosa lilikuwa langu, huyu mama hakuiba. Ajabu ni kwamba ilipobaki hivyo ndipo ilipoanza kusikika kama anamaanisha. Bi Chaki aliliona hilo, na moyo wake ukalainika kidogo, ingawa hakumwonyesha.

Wiki mbili zikapita, mistari ikafika kumi. Aliyebaki ni Mama Karai.

Alikuja Alhamisi, na kikaratasi kidogo mkononi, amevaa gauni jipya. Bwana Mfumo akasimama bila kuambiwa. "Mama, siku ile nilimmwagia huyu mkoba mbele yako. Kosa lilikuwa langu. Niligawanya vibaya. Yeye hakuiba."

"Mbona tunajua," Mama Karai akasema.

Bi Chaki alikuwa ameshainua chaki ya mstari wa kumi na moja. Mkono ukasimama hewani.

"Mnajua nini?"

"Kwamba hukuiba. Na kwamba huyu kijana amegawanya kwa ya siagi. Shoga yangu, mtaa huu nani asiyejua thelathini na moja? Siku ya kwanza tu, bei yenu ilipopita ya dunia, tulijua." Alisema kwa uchangamfu wa mtu anayemliwaza mwenzake. "Siku ile anakumwagia mkoba benchi zima tulijua."

"Mkanyamaza."

Mama Karai akaanza kukunjua kikaratasi. Kilikuwa kimekunjwa mara nyingi. "Tungesema, bei ingeshuka saa hiyo hiyo. Mimi nilikuwa bado sijapima. Nilikuwa wa nane. Nimeezeka, shoga. Mabati sita. Miaka mitano nalala nasogeza kitanda mvua ikinyesha. Nikasema, wewe utajitetea tu, wewe una hesabu."

Bwana Mfumo akarudi nyuma kwenye kiti. Aliketi.

Bi Chaki akauchora mstari wa kumi na moja. Kisha, chini yake, kwa mwandiko ule ule wa darasa la kwanza, akaandika bei ya siagi ya siku ile ya kwanza, 159,160, akatoa 145,060 yake. Ikabaki elfu kumi na nne na mia moja. Miaka kumi na tisa alikuwa amebadilisha kila kitu cha dunia kuwa shilingi kwa gramu, isipokuwa hicho kimoja. Sasa alijua jina lake linauzwa shilingi ngapi kwa gramu, na walioliuza walikuwa watu wake.

"Umenikasirikia?" Mama Karai akauliza.

Bi Chaki akafuta ubao wote kwa kiganja, mistari na hesabu, akabakiza bei ya leo. Akaisogeza mizani karibu, akaifuta sahani kwa pindo la khanga, akangoja sindano itulie kwenye sifuri.

"Weka," alisema. "Tupime."